Moshi chini ya paa moja

Leo tunaingia ndani ya lupango moja. Kuna milango minne chini ya paa moja la mabati, mpangaji mmoja anavuta sigara chumbani, na mwenye nyumba amefikia siku ya kumwambia aache.

Nimeiweka lupango hiyo Kasomeno, na nina sababu. Kasomeno ni njia panda: ukitoka Lubumbashi, upande mmoja unakwenda Kasenga kwenye mto Luapula, upande mwingine unapanda kwenda Pweto. Samaki wanapita hapo, mahindi yanapita hapo, na tangu ulipoanza kusemwa mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, upande wa Zambia, watu wanaotafuta chumba cha kupanga hawakosekani. Wengi ni watu wa kupita. Dereva analipa miezi michache, mchuuzi wa samaki anakaa msimu mmoja, kijana anayefuata kazi ya barabara analala leo hapa na kesho kule. Majirani wa namna hiyo hawajuani vya kutosha kugombana kwa utani, kwa hiyo wanaposhindwana wanakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba wa mfano wetu ni mama mjane. Marehemu alimwachia jengo la matofali ya kuchoma, vyumba vinne kwa mstari, kila kimoja na mlango wake unaotazama uani. Mlango wa kwanza anakaa yeye na wajukuu. Wa pili yuko dada mwenye mtoto mchanga. Wa tatu yuko dereva wa lori, mtu mzima, anayelipa vizuri na asiye na makelele, ila anavuta pakiti nzima kwa siku, na usiku anavutia kitandani. Wa nne yuko mzee aliyechimba shaba miaka mingi, anayekohoa, na ambaye sasa anameza dawa za kifua kikuu. Yule dada ndiye aliyekwenda kwa mama kulalamika: nguo za mtoto zinanuka tumbaku, na yeye havuti, wala mumewe havuti.

Swali la kwanza watu wanalouliza ni hili: sheria inamruhusu mama kusema? Kongo ina sheria ya afya ya umma, namba 18/035, ya tarehe 13 Desemba 2018, inayokataza kuvuta tumbaku mahali pa watu wote. Nchi yetu pia imo katika mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na tumbaku. Lakini chumba cha dereva si mahali pa watu wote. Akishafunga mlango wake, ni kwake, hata kama matofali ni ya mama. Basi anayekwenda kumwambia mpangaji kwamba serikali imekataza sigara chumbani anajidanganya, na mpangaji anayejua kusoma atamcheka.

Nguvu ya mama iko kwingine, katika sheria ya zamani sana, dekrii ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Ilitungwa wakati wa Mfalme Leopold, na hadi leo ndiyo mahakimu wetu wanaifungua wakihukumu mambo ya mikataba. Inasema mambo mawili yanayotuhusu hapa. Mpangaji atumie nyumba kama baba mwema wa familia, maana yake kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye akili angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Na mwenye nyumba amwachie kila mpangaji akae kwa amani katika kile alichokipanga. Sikilizeni hilo la pili vizuri. Mama hakumpangisha dereva peke yake. Alimpangisha yule dada na yule mzee pia, nao wamelipa garanti kama yeye. Ndiyo maana anapogonga mlango wa tatu, hagongi kwa ajili ya kuchukia sigara. Anagonga kwa sababu ana deni kwa mlango wa pili na wa nne.

Sasa tuingie kwenye moto, maana hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapoharibu hoja yao. Wanatisha kwa kitu kisicho cha kweli, na mpangaji akigundua, hasikii tena hata kile cha kweli.

Mama wetu, kwa mfano, anaogopa bidoni ya petroli. Dereva anaweka lita chache chini ya meza kwa ajili ya grupu ya umeme, alizonunua kwa kadafi barabarani, na mama anaona sigara na petroli chumba kimoja, anasema tutalipuka wote. Wataalamu wa moto huko Marekani walilijaribu jambo hilo kwa bidii: waliweka sigara zinazowaka kwenye mvuke wa petroli mara elfu kadhaa, na mvuke haukushika moto hata mara moja. Lakini msikimbilie kufurahi. Kinachowasha petroli ni mwali, yaani kiberiti au briketi, na hakuna sigara inayojiwasha yenyewe. Kila mara dereva anapotaka kuvuta, kuna sekunde mbili au tatu za mwali wazi ndani ya chumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni, na bidoni iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki badala ya kifuniko chake inauachia usiku kucha. Kwa hiyo mama akisema "bidoni itoke chumbani", amesema la haki hata kwa mpangaji asiyevuta kabisa.

Hatari iliyo ya sigara yenyewe ni godoro. Na moto wa godoro haufanani na moto watu wanaoufikiria. Ncha ya sigara ina joto la mamia ya digrii, inakaribia 900 mtu anapovuta. Ikiangukia kwenye sakafu ya simenti inajifia. Ikiangukia juu ya shuka, wazi, mara nyingi inaacha tobo la kahawia na kuzimika. Lakini ikiteleza ikakaa kati ya godoro na ukuta, au chini ya mto, au ndani ya mkunjo wa blanketi, imepata mahali ambapo joto halitoki. Hapo haitoi mwali. Inachoma polepole, bila mwanga, ikila pamba ya kitambaa na kuingia ndani ya sponji. Inaweza kuendelea hivyo saa nzima, hata saa mbili au tatu, kabla mwali haujatokea, na wakati huo aliyevuta amekwisha kulala, hasa kama alipitia kwanza kwa wauza lutuku.

Katika saa hizo hewa ya chumba inabadilika. Kitu kinachochomeka polepole, bila hewa ya kutosha, kinatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na sponji ya magodoro ya kisasa inaongeza gesi nyingine zenye sumu. Mtu aliyelala haamki kwa sababu ya gesi hiyo, analala zaidi. Wengi wanaokufa katika moto wa kitandani hawakuunguzwa na mwali, walikwisha kufa au kuzimia kabla haujawafikia. Na gesi hiyo haijui mlango wa tatu ni wa nani. Nitarudi kwenye jambo hilo nikifika kwenye dari.

Dalili ya kwanza ya godoro linalochomeka ni harufu ya nguo inayoungua, tofauti kabisa na ya tumbaku. Ni kali na inakwaruza koo. Ya pili ni sehemu ya godoro yenye joto ukiigusa kwa mkono. Na hapa kuna kosa linalorudiwa: mtu anamwaga kikombe cha maji, moshi unakatika, anageuza godoro upande mwingine na kulala. Maji ya kikombe yamelowanisha juu tu. Ndani sponji bado inachomeka, na saa nane za usiku inaamka. Godoro lililoshika cheche halizimwi chumbani. Linatolewa nje, mbali na ukuta na mbali na magunia ya makala, linapasuliwa pale palipoungua, linalowanishwa mpaka maji yatoke upande wa pili, na linabaki nje hadi kesho yake. Kama tayari linatoa mwali, usilikokote kupita mlangoni: watoe watu, funga mlango, mwaga maji kutoka nje.

Nasema hivyo kwa watu wa Kasomeno kwa sababu hata Lubumbashi penyewe nisingemshauri mtu akae akingoja gari la zimamoto, sembuse kwenye njia panda iliyo zaidi ya kilomita mia kutoka mjini. Zimamoto yenu ni ndoo na majirani. Na kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwenda, kila kitu kimekauka: nyasi za paa la jiko, uzio wa mafunjo, magunia. Cheche ambayo Januari ingejifia, Septemba inapata chakula.

Nilisema nitarudi kwenye dari. Nendeni mkatazame vyumba vyetu vya mstari. Fundi amepandisha ukuta wa kugawa vyumba mpaka kimo cha mlango, labda na matofali machache juu yake, halafu akaacha. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni wazi, au pamezibwa kwa triplaya, au kwa gunia lililogongomewa misumari. Matofali yaliyobaki yalikwenda kujenga choo. Kwa macho ni vyumba vinne, lakini kwa juu ni chumba kimoja kirefu. Moshi wa sigara ni wa joto, unapanda, unafika chini ya bati, unatandaa, na usiku bati linapopoa unashuka tena, katika vyumba vyote vinne. Dereva akifungua dirisha lake dogo, haisaidii sana, maana moshi mwingi umekwisha kupanda kabla ya kulifikia.

Kama mnabishana kuhusu hilo, kuna njia rahisi ya kuhakikisha bila kifaa chochote. Ngojeni usiku umeme ukikatika, na SNEL haitawachelewesha. Washeni taa yenye nguvu katika chumba cha tatu, zimeni vyote katika cha pili, kisha mketi gizani mtazame juu ya ukuta. Panapopita mwanga, panapita moshi. Ningependa mpangaji na mwenye nyumba wafanye jambo hilo pamoja, kwa sababu mtu akiona mwanga wa taa yake juu ya kitanda cha mtoto wa jirani, ubishi mwingi unaisha hapo hapo.

Kuhusu huyo mtoto, sayansi haina wasiwasi tena. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7000, na zipatazo 70 zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni moja kila mwaka wanaokufa kwa moshi wa wengine, watu wasiovuta wenyewe. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanajengwa, na hawezi kuinuka aondoke chumbani. Kwake moshi huo unaongeza nimonia, pumu, magonjwa ya masikio, na vile vifo vya ghafla vya usingizini ambavyo familia nyingi huvitafutia mchawi. Yule mzee wa mlango wa nne ana habari yake. Kongo ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na Katanga inaongeza vumbi la migodi. Mapafu yaliyokwisha kuliwa na vumbi na ugonjwa hayana akiba ya kuvumilia moshi wa ziada. Dereva mwenyewe, kwa kuvuta, amejiongezea hatari ya kuugua kifua kikuu zaidi ya mara mbili kuliko asiyevuta, huku akilala ukuta mmoja na mgonjwa. Hilo nalo mama anaweza kumwambia, kwa upole, bila kumtangaza mzee kwa ugonjwa wake. Inatosha kusema kuna watu wenye vifua vibovu katika lupango.

Sasa dereva naye ana kinywa, na jibu lake nalijua, maana ni jibu la kila mvutaji katika mji wetu. Atasema: "Mama, mbabula zenu zinatoa moshi asubuhi na jioni, na mimi sigara yangu ni kidole kimoja. Na zile waya zako pale juu ya mlango, nazo hazina hatari?"

Mimi nasema ana haki nusu, na hiyo nusu mama hawezi kuikwepa. Mbabula ikiwashwa ndani, au ikiingizwa chumbani Juni na Julai ili watu waote moto wakati wa baridi, inatoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko sigara yoyote, na imeua watu waliofunga madirisha wakalala. Waya zilizounganishwa kwa utepe wa plastiki, zikapitishwa moja kwa moja juu ya mbao za paa, bila bomba na bila kikata umeme, ni hatari ya moto inayofanya kazi mchana na usiku, hata dereva akiwa safarini Pweto. Mwenye nyumba anayeongea moto na kuacha waya hizo juu ya kichwa cha mpangaji hastahili kusikilizwa, na ningekuwa mpangaji ningemwambia hivyo hivyo, kwa heshima. Nusu isiyo ya haki ni hii: mbabula kwa kawaida inawashwa uani, mbele ya macho ya watu, na hailali kitandani na mtu. Makosa ya mama kwenye waya hayafanyi godoro la dereva lisiungue.

Kwa hiyo, kabla ya kugonga mlango wa tatu, mama amwite fundi wa umeme. Amwite fundi wa ujenzi apandishe zile kuta za katikati hadi kwenye bati, kwa matofali na udongo wa kuziba nafasi zote. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na inafanya mambo mawili kwa mara moja: inapunguza moshi unaokwenda kwa majirani, na siku moto ukitokea chumba kimoja unauchelewesha kufika cha pili. Haiuzuii moshi wote, msidanganyike. Unapenya kwenye mlango, kwenye madirisha, kwenye matundu ya mabati. Lakini mama akishafanya hayo, amepata mdomo wa kusemea.

Na aseme lini? Si saa tatu za usiku dereva akiwa na sigara mkononi na marafiki wakimtazama. Si kupitia mtoto aliyetumwa, wala kwa kelele uani. Aende jioni moja dereva akiwa amepumzika, aketi kwenye kiti, waulizane safari. Nimewasikia wazee wakifanya hivyo, na mazungumzo yanakwenda namna hii:

"Papa, nimekuja kukuomba jambo. Sikukuja kugombana."

"Karibu, mama. Sema."

"Ni sigara ya chumbani. Sikukatazi kuvuta, wewe ni mtu mzima. Ila hii ya kitandani inaninyima usingizi, maana nikisikia harufu usiku sijui kama ni tumbaku au ni godoro. Na huyu dada ana mtoto, moshi unapita juu ya ukuta. Nimemwita fundi azibe. Nawe nisaidie: uvutie pale chini ya muembe, nimekuwekea kiti na mkebe wa mchanga."

"Na mvua ikinyesha, mama?"

"Ndiyo nilitaka tuongee. Nitaweka bati nne pale, upate kivuli."

Hiyo hoja ya mvua si ndogo. Tazameni kilichotokea Londoni, tarehe 18 Novemba 1987, kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Kings Krosi. Sigara ilikuwa imekwisha kukatazwa kule chini kwa miaka zaidi ya miwili. Lakini watu walikuwa wanaziwasha kwenye ngazi ya umeme ya mbao wakati wa kupanda, wakijua wanakaribia kutoka. Kiberiti kimoja kikaanguka chini ya ngazi, palipokuwa pamejaa mafuta mazito na takataka za miaka, na watu 31 wakafa. Katazo lilikuwepo, ila halikuwapa wavutaji mahali, basi wakajichagulia mahali wenyewe, na wakachagua pabaya kuliko pale pa kwanza. Katika lupango ya Kasomeno pabaya kuliko chumbani ni nyuma ya jiko, penye magunia ya makala na nyasi kavu. Na ndipo dereva atakapojificha kama mama atamkataza chumba bila kumpa kiti. Kivuli cha bati nne, hatua kumi hivi kutoka madirishani, mkebe wa mchanga mzito usiopinduka kwa upepo. Mkebe mtupu wa maziwa hautoshi: ukijaa vipande na karatasi za pakiti unawaka wenyewe.

Wakikubaliana, waandike. Najua wengi wetu kontra yetu ni neno la mdomo na risiti ya garanti, lakini sheria ya kupangisha, namba 15/025, ya tarehe 31 Desemba 2015, ipo, na karatasi ndiyo inayosomwa siku ya ugomvi. Na jueni kwamba kontra inayoendelea haibadilishwi na mtu mmoja. Mama hawezi kuamka Jumatatu akabandika tangazo mlangoni kisha akaliita sheria. Inahitajika karatasi ya nyongeza yenye sahihi mbili, au wangoje kontra mpya. Maneno yake yawe machache na yapimike. Mfano: "Mpangaji na wageni wake hawatavuta tumbaku ndani ya chumba wala barazani, bali mahali palipowekwa uani. Petroli haitawekwa chumbani. Mwenye nyumba ataweka kivuli na mkebe wa mchanga, na atatengeneza waya za umeme na kuziba kuta hadi kwenye paa kabla ya tarehe fulani." Tazameni jinsi karatasi hiyo inavyowafunga wote wawili. Dereva atatia sahihi upesi zaidi akiona jina la mama pia limebeba mzigo. Na neno "wageni" lisisahauliwe, maana kisingizio cha kwanza huwa ni rafiki aliyepita.

Garanti nayo ina mahali pake. Kwa nyumba ya kukaa, sheria hiyo ya 2015 imeweka mpaka wa miezi mitatu, na garanti si zawadi kwa mwenye nyumba; inarudishwa mpangaji akitoka, baada ya kutoa gharama ya uharibifu aliousababisha. Tobo za sigara kwenye zulia la plastiki, dirisha lililoungua ubao, kuta zilizogeuka njano zikanuka hata baada ya kupakwa rangi, hayo yanaweza kukatwa, mradi siku ya kuingia waliandika hali ya chumba. Kama hawakuandika, mama atasema kuta zilikuwa nyeupe, dereva atasema zilikuwa njano, na hakuna atakayejua. Nikotini inayoganda ukutani, kwa taarifa yenu, haitoki kwa maji peke yake. Inapenya chokaa na kurudi juu ya rangi mpya. Ukuta uoshwe kwa sabuni kwanza, ukauke, ndipo upakwe.

Na akikataa kabisa? Hapa nawaomba wenye nyumba mnisikilize, kwa sababu najua mnachofikiria. Kumkatia umeme, kung'oa mlango, kutoa bati la juu ya chumba chake, kumtolea vyombo uani akiwa safarini: yote hayo yanamgeuza aliyekuwa na kosa kuwa mwenye haki. Mama amwandikie barua, aeleze tarehe alizomwomba, harufu ilisikika lini na kwa nani, aweke nakala. Kisha amlete mbele ya chifu au kiongozi wa mtaa, na baadaye kwenye ofisi ya makazi ya serikali, ile tunayoiita servisi ya abita, ambako ugomvi wa wapangaji hupitia kwanza kwa upatanisho. Wasipopatana, ofisi inaandika karatasi ya kushindwa kupatana, na hapo ndipo mlango wa tribinali unafunguka. Mbele ya hakimu mama hataulizwa kama sigara ni mbaya. Ataulizwa kama mpangaji alivunja alichokitia sahihi, au kama alitumia chumba bila ule uangalifu wa baba mwema. Godoro lenye tobo tatu zilizoungua, likiletwa kama shahidi, litaongea kuliko yeye.

Kwa kawaida hawafiki huko. Dereva anayevuta pakiti nzima kwa siku hawezi kuacha kwa sababu mama amesema, na mama hakumwomba aache. Atakachopaswa kubadilisha ni ile sigara ya mwisho ya usiku na ile ya kwanza ya alfajiri, ambazo ndizo ngumu, kwa sababu mwili unazidai mtu akiwa bado chini ya blanketi. Juni, baridi ya alfajiri ikiwa inauma, hatatoka kwa furaha. Mama akiona viatu vimelowa umande hadi kwenye muembe, ajue papa ametimiza, na asikose kumwambia aksanti. Mwezi ujao tutazungumza juu ya waya zile za umeme, maana barua zenu kuhusu mafundi wa kuunganisha usiku zimejaa mezani hapa.